Sura ya 7: Jicho Gumu kama Gololi

Umeme ulikatika saa moja na nusu usiku. Mama wa miaka 58, mkazi wa Tanga, alikuwa sebuleni na mafua ya siku mbili. Mchana bintiye alikuwa amemletea vidonge kutoka duka la dawa, vile vinavyokausha kamasi na kuleta usingizi, naye alikuwa ameshameza viwili. Akakaa kwenye kiti chake kusubiri umeme. Mwanga pekee ulikuwa wa tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji.

Umeme uliporudi, saa tatu kasorobo, alitazama balbu akaona imezungukwa na duara za rangi, buluu kwa ndani na nyekundu kwa nje, mfano wa upinde wa mvua uliokunjwa ukawa bangili. "Hii taa ina nini?" aliuliza. Binti akatazama juu. "Iko sawa, mama. Labda umechoka."

Kwa kweli alikuwa ameziona duara hizo mara tatu kabla ya usiku ule, kila mara jioni, zikifuatana na kichwa kuuma upande wa kulia. Kila mara alilala, na asubuhi aliamka hana kitu. Safari hii usingizi haukuja. Maumivu yalianzia ndani ya jicho la kulia, yakapanda kwenye nyusi, yakaenda kisogoni na kushuka hadi kwenye meno. Kufikia saa nne alikuwa anatapika. Alitapika wali, akatapika chai, mwishowe akabaki anatapika nyongo.

Nikiri mapema kwamba mama huyu nimemuunganisha kutokana na wagonjwa kadhaa niliowapokea katika kazi yangu ya macho. Hakuna mtu mmoja atakayejitambua humu. Lakini kila kilichompata kimempata mtu, na mpangilio wa mambo ndio huo huo ninaoukuta kila ugonjwa huu unapoletwa mlangoni, tena mara nyingi umeshachelewa.

Alifikishwa kwenye zahanati saa tano usiku. Mganga wa zamu aliona mtu mzima aliyejikunja, anatapika, ameshika kichwa. Akafanya anachofanya mganga yeyote mwenye akili timamu katika mji wetu: akapima joto, likawa la kawaida, akapima malaria, hakuna, akafunga mkanda wa presha mkononi, ukasoma 178 kwa 102. Jibu likapatikana. "Mama, presha imepanda." Akapewa kidonge cha presha, dawa ya maumivu, na kwa sababu alilalamika pia kwamba tumbo linamsokota, akachomwa sindano ya haiosini ya kulegeza tumbo. Jicho lilikuwa jekundu na mganga aliliona, akadhani limewiva kwa kulia na kutapika.

Kila hatua hapo ina mantiki yake. Presha ilikuwa imepanda kweli, maana mtu mwenye maumivu makali presha yake hupanda. Lakini ile sindano ya tumbo ni miongoni mwa dawa zinazopanua mboni ya jicho, na mboni iliyopanuka ndiyo iliyomfikisha pale. Vivyo hivyo vidonge vya mafua vya mchana. Ili kuona kwa nini, inabidi tuingie ndani ya jicho lenyewe.

Jicho hutengeneza maji. Sisemi machozi, ambayo huosha nje. Nyuma ya airisi, kile kiduara chenye rangi kinachozunguka mboni, kuna tezi ndogo zinazotoa maji safi usiku na mchana. Ni kidogo mno: kiasi cha tone moja la chupa ya dawa ya macho huchukua karibu dakika 20 kutengenezwa. Maji hayo hulisha lenzi na konea, ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hupita kwenye mboni kama mtu anayepita mlangoni, yakaingia chumba cha mbele, na kutoka kupitia kichujio chembamba kilichopo pembeni kabisa, pale airisi inapokutana na ukuta wa jicho. Mahali hapo panaitwa pembe. Maji yanayoingia yakilingana na yanayotoka, msukumo ndani ya jicho hubaki kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Glakoma ambayo wengi wetu tumeisikia, ile inayoitwa presha ya macho, ni ya kichujio kuzeeka taratibu huku pembe ikiwa wazi. Haiumi. Hula uwezo wa kuona pembezoni kwa miaka, na mtu hushtuka wakati amebakiwa na tundu la kuchungulia. Hiyo ndiyo iliyo nyingi Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta watu wapatao 4 kati ya 100 waliovuka miaka 40 wakiwa na glakoma, na wengi wao walikuwa na hii ya pembe wazi. Wenye pembe iliyofungwa walikuwa kama 6 kati ya 1,000. Ni wachache, lakini si kwamba hawapo. Uchache huo umetuzoesha vibaya: tumefundisha umma kwamba glakoma ni mwizi wa kimyakimya, na wengine tumesahau kufundisha kwamba kuna moja inayokuja na makelele.

Hiyo ya makelele haina shida na kichujio. Kichujio kizima, ila kimezibwa. Fikiria airisi kama pazia jepesi lililotandazwa juu ya lenzi. Katika jicho la kawaida pazia linagusa lenzi kidogo tu, na maji yanapenya kwenda mbele bila taabu. Lakini kuna macho yaliyozaliwa mafupi. Mwenye jicho la namna hiyo mara nyingi huvaa miwani yenye lenzi za kukuza hata kwa kutazama mbali. Nyuma ya miwani hiyo macho yake huonekana makubwa kuliko yalivyo. Sizungumzii miwani ya kusomea, ambayo karibu kila aliyepita miaka 40 anaihitaji. Ndani ya jicho fupi, vitu vimebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Na lenzi haiachi kukua maisha yote. Mtu anapofika miaka 55 au 60, lenzi imenenepa, imesogea mbele, na pazia limelalia juu yake. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, kwa kuwa vyumba vya mbele vya macho yao kwa wastani ni vifupi zaidi. Watu wa Asia ya Mashariki hupatwa zaidi yetu. Na aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kupatwa, naye yumo hatarini.

Katika jicho kama hilo mboni ikiwa ndogo, kama juani, pazia limevutwa likakaza na pembe inabaki wazi. Mboni ikipanuka kabisa, kama katika giza totoro, mgusano kati ya airisi na lenzi hupungua. Hatari kubwa iko katikati, pale mboni inapokuwa nusu wazi: ukingo wake umekandamiza lenzi huku mwili wa airisi umelegea. Maji yanakosa mlango. Tezi za nyuma haziachi kufanya kazi, basi maji yanajaa nyuma ya airisi na kuivimbisha mbele kama tanga lililoshika upepo, mpaka ukingo wake wa nje unalala juu ya kichujio na kukiziba chote. Sasa maji yanaingia jichoni na hayana pa kutokea. Ndani ya saa moja au mbili msukumo unaweza kutoka 16 ukafika 60 na zaidi.

Sasa rudi sebuleni pale Tanga. Mwanga hafifu wa tochi kwa saa moja na robo, tena kwa mtu aliyemeza dawa ya mafua yenye kiungo cha kupanua mboni. Zile jioni tatu za nyuma lilikuwa tukio hilo hilo likijaribu: mboni ilikaa nusu wazi, pembe ikaziba kwa muda, duara zikaonekana, kisha akalala. Usingizini mboni husinyaa, pazia likakaza, pembe ikafunguka. Usingizi ulimtibu mara tatu bila yeye kujua, na mara tatu ukamdanganya kwamba ni uchovu.

Hapa kuna kejeli inayonikera kila nikisoma karatasi za dawa. Dawa nyingi za mafua, za mzio, za kibofu, za tumbo, na baadhi ya zile za sonona kama amitriptilini, zimeandikwa onyo: usitumie kama una glakoma. Anayelisoma onyo na kuogopa ni yule mwenye glakoma ya pembe wazi, anayejijua kwa kuwa anatumia matone kila siku, ambaye mara nyingi dawa hizo hazimdhuru. Anayedhurika ni mwenye pembe nyembamba ambaye hajawahi kuambiwa neno glakoma maishani mwake. Onyo linagonga mlango usio wake.

Duara za rangi nazo si maruerue. Konea, kioo cha mbele cha jicho, hukaa angavu kwa sababu maji ndani yake yanasukumwa nje muda wote. Msukumo wa jicho ukipanda ghafla, maji hulazimishwa kuingia kwenye konea na kutengeneza vitone vidogo mno kwenye tabaka lake la juu. Mwanga wa balbu ukipita katika vitone hivyo hutawanyika kwa rangi zake, kama mbalamwezi inavyopata ua usiku wenye mawingu membamba. Mwenye mtoto wa jicho pia huona mwanga ukitawanyika kwenye taa, lakini huuona kila usiku mwezi hadi mwezi. Mwenye tongotongo au ute jichoni naye aweza kuona duara, ila akipepesa au kunawa zinaondoka. Duara za shambulio hili haziondoki kwa kunawa, huja na maumivu, na kuona kunapata ukungu kama anayetazama kupitia kioo cha bafuni kilichoshika mvuke.

Na kutapika? Hisia za maumivu ya jicho husafirishwa na neva ya tano ya kichwa. Ndani ya shina la ubongo neva hiyo inaungana na mitandao ya neva ya kumi, ile inayoshuka hadi tumboni. Maumivu yakiwa makali kiasi hiki, tumbo linapokea amri ambayo haikulihusu. Mtu hutapika, hutoka jasho, wengine mapigo ya moyo hupungua. Nimewahi kupokea mgonjwa ambaye alilazwa siku mbili akitibiwa tumbo, na mwingine aliyepewa dawa ya kipandauso kwa wiki nzima. Mgonjwa mwenyewe huchangia kupoteza njia bila kukusudia. Ukimwuliza nini kinakusumbua, hasemi jicho. Anasema kichwa, anasema natapika, maana hayo ndiyo yanayomshughulisha.

Lugha yetu nayo inaweka mtego wake. Ugonjwa huu tunauita presha ya macho, na ule wa mishipa ya damu tunauita presha tu. Hivyo mtu akisema "daktari, nadhani ni presha," anayemsikiliza ananyoosha mkono kuchukua mkanda wa kufunga mkononi. Mkanda ukisoma namba kubwa, na utasoma, mazungumzo yanaishia hapo. Lakini presha ya jicho haipimwi mkononi, na moja haiashirii nyingine. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi na 65 jichoni. Kwa hiyo mgonjwa akifika mapokezi, neno la kwanza liwe jicho: "Jicho langu linauma, naona ukungu, na taa zina duara." Kutapika aseme baadaye.

Anayempokea, hata kama hana kifaa chochote cha macho, ana vidole na tochi, navyo vinatosha kumtia shaka. Mama wa Tanga alifika kwetu saa saba mchana wa siku iliyofuata, saa 16 tangu zile duara. Alikuwa amejifunga khanga kichwani, ameziba jicho la kulia kwa sababu mwanga ulimchoma.

"Mwanangu, nitoe tu hili jicho," aliniambia.

Nilimwomba atazame chini bila kufumba. Niliweka vidole vyangu viwili vya shahada juu ya kope la kushoto, nikabonyeza kidogo kwa kidole kimoja na kingine kwa zamu. Jicho lilibonyea na kurudi, kama nyanya iliyoiva. Nikahamia la kulia. Halikubonyea. Lilikuwa gumu kama gololi. Huo sio uchunguzi wa kubahatisha. Kwa msukumo mkubwa hivi tofauti kati ya macho mawili humshangaza hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Jambo moja tu: jicho lililopigwa au kuchomwa na kitu usilibonyeze kamwe, maana huenda limetoboka.

Kisha tochi. Nilimulika mboni ya kushoto, ikasinyaa mara moja. Ya kulia haikushtuka. Ilikuwa imekwama nusu wazi, ikavutika kuwa yai badala ya duara, na mbele yake konea ilikuwa na ukungu wa kijivu. Nikarudi jicho la kushoto, lililo salama, nikamulika kutoka pembeni, upande wa sikio, mwanga ukipita sambamba na uso wa airisi. Airisi iliyo bapa ingewaka yote hadi upande wa pua. Ya kwake iliwaka nusu ya nje tu, na nusu ya upande wa pua ilibaki kwenye kivuli, kama bonde nyuma ya kilima wakati jua linazama. Maana yake hata jicho ambalo halikuwa linauma lilikuwa na chumba kifupi, na zamu yake ilikuwa njiani.

Mashine ilisoma 64 kulia na 17 kushoto. Kwa jicho la kulia aliweza kuona mkono ukipungwa mbele yake, lakini hakuweza kuhesabu vidole.

Mganga wa zahanati aliyeona wekundu akaupita simlaumu sana. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, kila jicho jekundu lilikuwa la maambukizi mpaka lithibitishe vinginevyo. Lakini yale maambukizi huwasha, hutoa tongotongo, mara nyingi hushika macho yote mawili, na mboni husinyaa kama kawaida. Hayamtapishi mtu. Jicho moja jekundu linalouma hasa, lenye ukungu, lenye mboni isiyoshtuka, halitibiwi kwa tyubu ya dawa ya kupaka na kuambiwa njoo Jumatatu.

Kwa nini isiwe Jumatatu? Nyuma ya jicho damu inaingia kulisha retina na neva ya kuona, na inaingia kwa nguvu ya moyo. Ndani ya jicho kuna msukumo unaoipinga. Ukiwa 16, damu inashinda kwa urahisi. Ukiwa 64, kila pigo la moyo linapambana na ukuta. Neva ya kuona, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, inanyimwa damu na kubanwa kwa wakati mmoja. Nyuzi zikifa hazioti tena. Hakuna tone, leza wala upasuaji unaozirudisha. Uharibifu huo huanza kuhesabiwa kwa saa. Wakati huo huo airisi iliyolalia kichujio, ikiwa imevimba na kukosa damu, huanza kugandamana nacho. Saa za mwanzo ni mguso tu, unaweza kuachana. Siku moja au mbili baadaye ni gundi, na hata ukifungua mlango wa mboni, kichujio kimeshabanwa moja kwa moja. Kutoka hapo shambulio la usiku mmoja linageuka glakoma ya maisha.

Tulimlaza chali. Ni jambo dogo lisilo na gharama, nami hushangaa linavyosahaulika: akilala chali, lenzi hurudi nyuma kidogo kwa uzito wake. Tukamfungua khanga jichoni pia. Kuziba jicho ni kulitia giza, na giza hupanua mboni.

Kwa kuwa hakuweza kubakiza kidonge tumboni, asetazolamidi miligramu 500 ilipitishwa kwenye mshipa. Hii ndiyo dawa inayofunga bomba: inapunguza tezi kutengeneza maji. Awali tulimwuliza kama aliwahi kupata vipele kwa dawa za salfa, maana ni jamaa zao, na kama ana ugonjwa wa figo. Jichoni tukaweka tone la timololi, baada ya kuhakikisha hana pumu. Tone hilo, dogo kama lilivyo, huingia mwilini na linaweza kumbana mwenye pumu kifua hadi kifo. Tukaongeza tone la steroidi kutuliza uvimbe, dawa ya maumivu, na dawa ya kuzuia kutapika ambayo haipanui mboni.

Baada ya saa moja mashine ilisoma 52. Haikutosha. Tukaanza manitoli, sukari isiyotumika mwilini, ambayo ikiwa ndani ya damu huvuta maji kutoka jichoni. Alikuwa na kilo 60, na kwa gramu moja kwa kila kilo alihitaji gramu 60, yaani mililita 300 za dripu ya asilimia 20, ikiingia kwa dakika 45. Hiyo haipewi mtu yeyote tu: moyo dhaifu unaweza kuzidiwa na maji yanayojaa ghafla kwenye mishipa, kwa hiyo tulimsikiliza mapafu kwanza, na muuguzi akasogeza chombo cha haja ndogo karibu kabisa na kitanda. Alikihitaji.

Pilokapini, tone la kusinyaza mboni, tuliliacha kwa makusudi hadi hapo. Wengi hulikimbilia kwanza kwa sababu ndilo linalofungua pembe. Lakini msukumo ukiwa juu sana, msuli wa mboni umekosa damu na umepooza. Hauitiki dawa hata ukimwaga chupa nzima. Mashine iliposoma 36 tuliweka tone la asilimia 2, na katika nusu saa mboni ikaanza kusogea. Saa moja usiku ilisoma 22. Aliomba chai. Kisha akaomba soda, akaionja, akakunja uso: "Hii mmeichakachua." Asetazolamidi hubadilisha ladha ya soda na kutia ganzi kwenye ncha za vidole. Tulicheka wote, yeye wa kwanza.

Ndugu wengi huondoka mgonjwa akifikia hapa, nami huwazuia mlangoni. Maumivu yamekwisha, ila umbile la jicho ni lile lile. Dawa zimesukuma pazia nyuma kwa siku moja mbili. Tiba yenyewe ni kutoboa airisi: tundu dogo pembeni, la sehemu mbili za kumi za milimita, ambalo maji hulitumia kama mlango wa uani, hata mboni ikiziba. Mjerumani Albrecht von Graefe alikata kipande cha airisi kwa wagonjwa wa glakoma mjini Berlin na kutoa taarifa yake mwaka 1857. Macho yalilainika, naye hakujua sababu. Ilichukua hadi mwaka 1920 Mmarekani Edward Curran alipoeleza kuwa kilichozibwa ni njia ya mboni na kwamba tundu dogo linatosha. Siku hizi tundu hutobolewa kwa leza, mgonjwa akiwa ameketi, kidevu kwenye mashine, dakika chache. Pasipo na leza hukatwa kwa mkono chumba cha upasuaji, na ni tiba nzuri vilevile. Kama lenzi ndiyo iliyovimba kwa mtoto wa jicho aliyekomaa, jambo la kawaida kwetu kwa wazee waliosubiri upasuaji muda mrefu, tundu pekee halitoshi na lenzi lazima itolewe.

Konea ilipokuwa angavu, siku ya tatu, tulitoboa la kulia. La kushoto tulilitoboa siku hiyo hiyo. Alipinga kidogo: "Hili si zima, mwanangu?" Ni zima, nilimwambia, kama pacha mwenzake lilivyokuwa wiki iliyopita. Jicho la pili likiachwa, karibu nusu ya wagonjwa hupata shambulio la upande huo ndani ya miaka mitano. Likitobolewa kabla, mara chache sana hulipata.

Miezi mitatu baadaye jicho la kulia lilihesabu vidole kwa umbali wa mita mbili, halikuvuka hapo. Mboni yake imebaki kubwa na haishtuki vizuri; airisi ina mabaka meupe mahali ilipokosa damu usiku ule. La kushoto linasoma msahafu kwa miwani. Angefika usiku ule ule, saa tano, ningetarajia la kulia nalo lisome.

Ana dada mkubwa Pangani, anayevaa miwani ya lenzi za kukuza kama yake. Tumempigia simu mara mbili aje apimwe pembe. Anasema macho yake hayana shida, isipokuwa jioni nyingine taa huwa na duara.